Asali ya Inyonga na Kopo la Thaleti

Kiwanda kilichoniajiri Mpanda kilikuwa cha kuchuja na kufungasha asali, na maabara yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la ndoo. Nilikuwa mkemia wake, na nilikuwa peke yangu. Aliyenitangulia aliondoka kabla sijafika, akaniachia funguo kwa mlinzi na vyombo vikiwa vimeoshwa, vimefunikwa kwa kitambaa. Sikuwahi kumwona. Nilimfahamu kwa jinsi alivyopanga kabati tu: chupa kubwa chini, ndogo juu, zote zikitazama mbele.

Watu wa kiwandani walikuwa wema. Tulisalimiana vizuri asubuhi, tukaulizana habari za nyumbani, kisha wao wakaenda kwenye mashine na kelele zao, mimi nikafunga mlango nyuma yangu ili vumbi lisiingie. Mchana niliwasikia wakicheka walipokuwa wakila. Mwanzoni waliniita nikachelewa, maana kipimo kikishaanza hakiachwi katikati. Baadaye wakaacha kuniita. Hawakuwa na kinyongo, walizoea tu.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Makanyagio. Jioni nilipika chakula cha mtu mmoja, jambo ambalo mama yangu kule Same hakupenda kulisikia kwenye simu. "Unakula na nani?" aliniuliza kila Jumapili. Nilimjibu kwamba nakula vizuri.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kupima uchachu wa asali. Asali yoyote ina asidi yake ya asili, lakini ikianza kuchachuka asidi inapanda, na wanunuzi wameweka mpaka: ikizidi hamsini kwa kipimo chetu, haipokelewi. Nilipima gramu kumi za asali, nikaziyeyusha kwenye maji, nikadondosha sodiamu haidroksaidi, besi inayoizima asidi, kutoka kwenye bureti, ule mrija wenye mistari ya vipimo, polepole huku nikitazama mita ya pH, kwa sababu asali ya misitu yetu ni nyeusi na rangi ya kiashiria haionekani ndani yake. Mita ikifika mahali pake, nasimamisha na kusoma nimetumia mililita ngapi. Ukiijua nguvu ya sodiamu haidroksaidi yako, hesabu iliyobaki anaifanya hata mwanafunzi.

Shida iko kwenye hiyo nguvu. Sodiamu haidroksaidi huwezi kuipima kwenye mizani ukaiamini. Vipande vyake ukiviacha wazi kidogo vinatoka jasho. Vinanyonya unyevu na hewa ya ukaa, na unachopima ni sodiamu haidroksaidi pamoja na vilivyoingia. Kwa hiyo unatengeneza myeyusho wa kukisia, kisha unaupima nguvu kwa kutumia kitu kingine kinachoaminika, kigumu, kikavu, kisichobadilika. Sisi tulitumia unga mweupe ambao jina lake kamili ni refu, potasiamu haidrojeni thaleti. Maabara nyingi huuita KHP, mimi niliuita thaleti tu. Ni asidi ya unga. Unaukausha kwenye oveni, unauacha upoe penye ukavu, unapima kiasi chake kwa mizani ya kemia, unauyeyusha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, unatia matone ya kiashiria kiitwacho finofthalini, halafu unadondosha sodiamu haidroksaidi mpaka rangi ya waridi hafifu itokee na kukaa. Thaleti ndiyo inayoiambia sodiamu haidroksaidi ina nguvu gani. Nami nilifanya hivyo kila nilipotengeneza chupa mpya na kila Jumatatu baada ya hapo.

Kopo la thaleti nililikuta kabatini, limefunguliwa, limepungua kidogo.

Kiangazi cha mwaka wangu wa kwanza, asali ya Inyonga ilipoanza kuingia, alikuja mama mmoja mjane na ndoo zake. Wengine walituma mizigo yao kwa gari la kikundi, lakini yeye alipanda basi mwenyewe na asali yake, akashuka stendi, akatafuta bajaji. Alikuwa Mkonongo, mwenyeji wa kule, mwembamba, amejifunga kitenge kiunoni juu ya gauni, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo ya nyuki. Marehemu mumewe alikuwa na mizinga porini, na alipofariki wakwe walitaka mizinga irudi upande wa ukoo. Mama huyu alikataa. Akajifunza kupanda, kufukiza moshi na kurina. Hayo alinisimulia akiwa amekaa kwenye benchi nje ya maabara, maana alitaka kusubiri majibu yake mwenyewe badala ya kuyapata kwa simu.

"Shikamoo mama," nilikuwa nimemwamkia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiyo unayeonja?"

"Sionji, mama. Napima."

"Na ulimi wako unasemaje?"

Nilionja. Ilikuwa asali nzuri, yenye harufu ya maua na moshi kwa mbali, haina ukakasi wa kuchacha. Kipimo cha maji nacho kilionyesha asali iliyoiva vizuri. Kisha nikapima asidi. Nikapata hamsini na moja na nukta sita. Nikarudia, nikapata hiyo hiyo. Nikaosha bureti, nikarudia mara ya tatu.

Nilitoka nikamwambia imezidi kidogo. Aliniangalia, akauliza, "Imezidi nini?"

"Uchachu."

"Asali yangu haijachacha."

"Ulimi wangu unakubaliana na wewe, mama. Lakini kipimo kimekataa."

Hakubishana tena, akarudisha ndoo zake kwenye bajaji, moja moja. Nilimsaidia ya mwisho. Kabla hajaondoka alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Watasema naongeza maji. Shemeji zangu watafurahi." Nilirudi ndani nikaweka kichupa cha asali yake kwenye rafu pamoja na sampuli nyingine, kama utaratibu unavyotaka, na siku hiyo sikula mchana.

Wiki zilizofuata nilimfikiria zaidi ya nilivyotaka. Nadhani ilikuwa kwa sababu katika mji ule hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kukaa nje ya mlango wangu kusubiri jambo nililokuwa nalifanya.

Kisha mnunuzi wetu wa Dar es Salaam akatuma majibu ya maabara yake kwa mizigo tuliyokuwa tumempelekea. Meneja aliyaleta mwenyewe, akayaweka mezani kwangu. "Zimepita zote," akasema, "kwa hiyo usijali. Ila naona namba zako na zao hazifanani."

Nilizipanga kando ya zangu. Ni kweli hazikufanana. Lakini jambo lililonikaa moyoni ni kwamba zake zote zilikuwa chini ya zangu. Mtu akikosea kwa bahati mbaya, kosa linaruka huku na huku: leo juu, kesho chini. Hizi zilikuwa zimeegemea upande mmoja, kila moja, na nilipogawanya namba yake kwa yangu nilipata karibu jibu moja kila mara. Nilikuwa juu kwa sehemu kama nne katika mia.

Kwenye karatasi yao palikuwa na namba ya simu. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mikwaruzo, mkemia kama mimi, na nilipomweleza alicheka kidogo kwa upole. "Afadhali umepiga," akasema. "Wengine huwa wanagombana. Wewe uko na nani huko?"

"Niko peke yangu."

"Ah. Basi tuzungumze."

Tulizungumza muda mrefu. Sikuwa nimeongea mambo ya kazi yangu na mtu anayeyaelewa tangu nihamie Mpanda, na nilisikia maneno yakinitoka kwa haraka kama mtu aliyekuwa na kiu. Alinipitisha hatua kwa hatua. Mizani? Nilikuwa na jiwe la kuihakiki, na ilisoma sawa. Bureti? Nilipima maji yaliyotoka ndani yake kwa mizani, nikaona mistari yake ni ya kweli. Mita ya pH? Niliisawazisha kila asubuhi. Maji? Nilichemsha. Chupa ya sodiamu haidroksaidi? Ya plastiki, na nilikuwa nikiifunika mara moja.

"Na hata ingelegea kwa kunyonya hewa," akasema, "ungeona Jumatatu ukiipima upya. Unaipima kwa kitu gani?"

"Kwa thaleti."

"Ya nani? Cheti chake cha usafi kinasema ngapi?"

Nilishika kopo mkononi, simu begani. Lebo yake ilikuwa imechapishwa kwa printa ya kawaida, ikabandikwa. Ilikuwa na jina la kemikali tu. Haikuwa na namba ya toleo, wala jina la aliyetengeneza, wala usafi wake. Mtu fulani mahali fulani alikuwa ameuhamisha unga ule kutoka kopo jingine, na kabla yake sikujua umetoka wapi.

"Hakuna cheti," nikasema.

"Basi wewe umekuwa ukiandika mia kwa mia bila mtu kukuambia ni mia."

Hakusema kwa ukali. Lakini baada ya kukata simu nilikaa kwenye kiti changu kirefu nikilitazama lile kopo, nikahisi upweke wa aina nyingine, ambao sikuwahi kuujua. Majibu yangu yote yalikuwa yamesimama juu ya sodiamu haidroksaidi, sodiamu haidroksaidi imesimama juu ya thaleti, na thaleti ilikuwa haijasimama juu ya kitu chochote. Kurudia mara tatu hakukunisaidia lolote. Ukirudia kwa kitu kile kile, kinakujibu vile vile.

Nilimwomba meneja tununue thaleti yenye cheti. Aliguna, lakini aliruhusu. Ilikuja kwa basi kutoka Dar, chupa ndogo ndani ya boksi kubwa lililojaa magazeti, na karatasi yake imekunjwa ndani ya plastiki. Niliisoma ile karatasi nikiwa nimesimama kwenye ofisi ya mizigo stendi, watu wakinipita na magunia. Ilisema usafi wake, ilisema umepimwa kwa kulinganishwa na nini, na hicho nacho kililinganishwa na nini. Nilijisikia kama mtu aliyepokea mgeni.

Nilikausha thaleti zote mbili kwenye oveni moja, saa zile zile, joto lile lile, nikaziacha zipoe pamoja. Nilifanya hivyo makusudi: kama ile ya zamani ilikuwa na unyevu tu, kukausha kungeiponya. Kisha nikapima uzito ulio sawa wa kila moja, nusu gramu na ushee, nikazidondoshea sodiamu haidroksaidi kutoka chupa moja.

Ya zamani ilibadilika kuwa ya waridi kwenye mililita ishirini na tano, kama ilivyozoea.

Ya mpya, nilipofika ishirini na tano, ilikuwa bado haina rangi, kama maji. Nilitia tone, nikatikisa chupa. Tone jingine. Rangi ilitokea pale tone lilipoangukia, ikapotea. Niliendelea mpaka ishirini na sita, na hapo ndipo waridi ilikaa.

Nilirudia, nikabadilisha na mpangilio, ya mpya kwanza na ya zamani baadaye. Ikawa vile vile. Uzito uleule, lakini ndani ya ile ya zamani asidi ilikuwa pungufu kwa sehemu nne katika mia. Haikuwa unyevu. Kulikuwa na kitu kingine ndani yake, kitu kisicho na asidi, kilichochanganyika humo bila mimi kukijua, na mpaka leo sijui ni nini wala nani alikitia, kwa makusudi au kwa kutojali. Kwa kuwa niliihesabu kama safi, niliamini sodiamu haidroksaidi yangu ina nguvu kuliko ilivyokuwa. Na kwa kuamini hivyo, kila asali niliyoipima niliiona ina asidi kuliko iliyokuwa nayo.

Nilikuwa nimetulia kabisa nilipokitoa kile kichupa cha mama wa Inyonga rafuni. Niliipima nguvu ya sodiamu haidroksaidi kwa thaleti mpya, kisha nikapima asali yake. Arobaini na tisa na nukta sita. Nikachukua na majibu yake ya mwanzo, nikayasahihisha kwa hesabu, nikapata hiyo hiyo.

Nilimpigia mwenzangu wa Dar. "Amepita chupuchupu," akasema.

"Lakini amepita."

"Amepita. Na wengine uliowakataa?"

Nilikuwa nimeshawahesabu. Walikuwa wachache, na hata baada ya kusahihisha walibaki juu ya mpaka. Asali yao ilikuwa imechacha kweli. Ilikuwa yeye tu.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kiwanda kipya. "Sasa tukienda huko tukasema tulikosea," akasema, "nani ataleta asali yake hapa mwakani?"

"Wakijua wenyewe kabla hatujasema, ndiyo hawataleta."

"Watajuaje? Nani huko anajua hiyo thaleti yako?"

Ni kweli, hakuna aliyejua. Katika mkoa mzima wa Katavi sikumfahamu hata mtu mmoja ambaye ningeweza kumwonyesha zile chupa mbili za koni, moja ya waridi na nyingine bado, akaelewa anachokiona. Ningeweza kulimwaga lile kopo shimoni, nikaendelea na jipya, na dunia isingetikisika.

"Nitaijua mimi," nikasema. "Na mimi ndiye ninayesaini."

Mwishowe alishusha mikono, akakubali nitoe vyeti vipya kwa mizigo yote, vya waliopita na vya waliokataliwa, nikieleza sababu kwa sentensi moja. Gari hakunipa. "Huko Inyonga nenda mwenyewe," akasema, "ukiona lazima."

Nilikwenda Jumamosi. Barabara ni ya lami sasa, basi linakimbia katikati ya miombo, na kwa mwendo mrefu huoni kitu ila miti, na mara moja moja ng'ombe wa Wasukuma wakivuka, au mabani ya kukaushia tumbaku. Inyonga niliuliza kwenye ghala la kikundi cha wafuga nyuki. Mwenyekiti wao, mzee mwenye kofia ya sufi, alipomsikia mama ninayemtaka alisema, "Yule ameacha." Akanipa mtu wa bodaboda wa kunipeleka.

Nilimkuta anapeta mahindi uani. Alinitambua kabla sijasalimia. Akaniletea kigoda, akaendelea kupeta.

Nilikuwa nimefikiria njia nzima namna ya kueleza. Nilimwambia hivi: kuna unga ninaoutumia kujua nguvu ya dawa yangu, na ule unga haukuwa safi, ulikuwa na kitu ndani yake, kwa hiyo dawa ilinidanganya, nami nikamwambia yeye. Sasa nimepata unga safi. Nimepima tena. Asali yake ilikuwa nzuri.

Ungo ulisimama mkononi mwake.

"Ni kama debe," akasema. "Debe lililobonyezwa. Unapima sawasawa, lakini debe lenyewe."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Asali ile niliwauzia wapika pombe ya wanzuki. Walinipa walichotaka." Akapeta tena kidogo. "Na mizinga wamechukua shemeji. Walisema mwanamke hajui kurina, anarina mbichi, ndiyo maana Mpanda wamemkataa. Sikuwa na la kuwajibu. Mtu wa kipimo alikuwa amesema."

Nilisema pole. Niliisikia ilivyo ndogo.

"Hiyo karatasi uliyokuja nayo, imeandikwa kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi twende ukaisome."

Tulirudi ghalani kwa miguu. Kulikuwa na wafuga nyuki kadhaa wakisafisha ndoo, na mmoja wao, nilikuja kuambiwa, alikuwa shemeji yake. Mama alisimama pembeni, akanionyesha kwa mkono nianze. Nilisoma, kisha nikaeleza tena bila karatasi. Nilisema kosa lilikuwa la kiwanda, kwenye kipimo, wala si kwenye asali, na kwamba alirina vizuri.

Shemeji akaendelea kusugua ndoo yake. Mwenyekiti aliuliza, "Na zetu zilizopita? Nazo mtasema hazikupita?"

"Zilipita. Zilikuwa bora kuliko tulivyosema."

Hapo wakaanza kuongea wote, Kikonongo na Kiswahili kimechanganyika, na sikuweza kufuata. Mizinga hairudishwi kwa karatasi, hilo nililiona usoni mwa yule shemeji. Lakini mwenyekiti alimgeukia mama akamwambia maneno machache kwa lugha yao, kwa heshima, akiwa amevua kofia. Mama aliitikia kwa kichwa.

"Amesemaje?" nilimuuliza tulipotoka.

"Kuna mizinga ya kikundi haina mtu. Amesema nikitaka."

"Unataka?"

"Sijui bado. Nimechoka kidogo." Akatembea. "Basi lako saa ngapi?"

Nilimwambia bado. Akanirudisha kwake, akasonga ugali, akapasha maharage na mlenda, tukanawa kwenye beseni moja, tukala sahani moja. Hakuniuliza mambo ya maabara tena. Aliuliza kwetu ni wapi, mama yangu yupo, nimeolewa, huko Mpanda naishi na nani. Nilimjibu yote kweli. Kisha alinisogezea upande wa sahani wenye maharage mengi, nikala, na sikuwa na haraka ya kumaliza.

Msimu uliofuata ndoo za kikundi zilikuja, na ndani yake zilikuwepo zenye jina lake. Hakuja nazo. Nilizipima kama nilivyopima za wengine, nikaandika nilichokipata, nikafunga bureti, nikasikiliza wenzangu wakicheka nje mpaka kengele ya kumaliza mapumziko ya mchana ilipolia.